Sista Aliyesema Mashine Zitagoma

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi simu pale Majengo, nasubiri anibadilishie soketi ya chaji, akagusisha chuma cha kulehemu kwenye ile dawa ya kulehemu ya rangi ya asali. Moshi mweupe ukapanda, mtamu na mkali kama utomvu wa msonobari uliowekwa motoni. Nikakunja ngumi bila kukusudia. Fundi akaniuliza kama moshi umeniingia machoni. Nikamwambia hapana, endelea na kazi yako. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba harufu ile inaniamshia hasira, na kwamba hasira yenyewe ina umri mkubwa kuliko yeye.

Nyie mliokulia Mpanda miaka ileile mtakumbuka jinsi mji ulivyokuwa. Treni ya Kaliua ikifika, watu wanakwenda stesheni hata kama hawana mgeni. Umeme ulikuwa wa jenereta, kwa wenye bahati. Sisi hatukuwa nao. Tulikaa chumba kimoja, mimi na wadogo zangu watatu, baada ya baba kufariki na mama kumfuata. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliacha shule darasa la tano, nikaenda kupepeta chenga na pumba kwenye mashine ya kukobolea mpunga, na jioni nilirudi na nywele nyeupe kama ajuza. Hakuna aliyenilazimisha. Wadogo walikuwa wanakula, na mwenye mikono nyumbani nilikuwa mimi.

Anayenifuata anaitwa Skolastika, sisi tulimwita Skola. Alikuwa darasa la saba. Shangazi yetu wa Kibaoni, dada yake baba, alikuwa ameshatamka kwamba mitihani ikiisha atamchukua Skola akamsaidie kulinda ndege shambani na kulea wajukuu. "Mtoto wa kike amesoma kusoma na kuandika, mnataka nini tena?" Shangazi hakuwa akiuliza. Kwake ilikuwa imekwisha. Kitu pekee kilichoweza kumzuia kilikuwa nafasi ya kidato cha kwanza pale shule ya ufundi ya misheni, ambako watoto walilala bwenini na kulishwa. Mimi nililijua hilo, Skola alilijua, na Shangazi alilijua kuliko sisi wote.

Ndipo likaja jambo la roboti.

Neno lenyewe tulilisikia kwa Skola. Alirudi siku moja na kiboksi cha karatasi alichopewa mwalimu wao na watu wa misheni, akasema shule za msingi zimekaribishwa kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya mashine zinazojiendesha, na kwamba nafasi za shule ya misheni zitatolewa hukohuko. Wanafunzi wa sekondari ya mjini walikuwa wameshashiriki kabla. Ndani ya kiboksi mlikuwa na vitu vidogo kama wadudu waliokauka: vyenye miguu mitatu aliviita transista, na viwili bapa vyenye mchoro wa nyoka usoni aliviita macho. Vingine vyote walitakiwa watafute wenyewe, yeye na wenzake wawili wa darasani.

Wakatafuta. Mota mbili walizitoa kwenye redio kaseti zilizokufa. Magurudumu waliyakata kwenye soli za kandambili. Mbele, badala ya gurudumu la tatu, waliweka kizibo cha soda kikiburuzika. Chuma cha kulehemu hatukuwa nacho, basi Skola alikuwa anapasha kipande cha shaba kwenye jiko langu la mkaa mpaka kinabadilika rangi, anakigusisha kwenye ile dawa, moshi unapanda, halafu anaunga waya. Ugali wetu ulinuka moshi ule majuma mengi. Wadogo walikuwa wanapiga chafya na kucheka.

Mashine ilitakiwa ifuate mstari mweusi juu ya ubao mweupe. Skola alinieleza akiwa amelala kifudifudi sakafuni, na mimi nikiwa nachambua maharage. Jicho moja linatazama chini kushoto mwa mstari, jingine kulia. Kati yake kuna balbu ndogo ya tochi inayomulika chini. Jicho likiona weupe, linapitisha umeme, transista inafunguka, mota ya upande wake inazunguka. Likiona weusi, linakaba, na mota ile inasimama. Kwa hiyo mashine ikipotelea kulia, jicho la kushoto ndilo linaloingia juu ya mstari. Mota ya kushoto inasimama, ya kulia inaendelea kusukuma, na mashine inageuka kushoto mpaka inarudi mahali pake.

"Kwa hiyo inapotea muda wote," nikamwambia.

"Inapotea na kurudi, Dada. Ndiyo kutembea kwake."

Weusi uwe mweusi kiasi gani ndipo mota isimame, walipima kwa kinobu cha sauti cha redio kuukuu. Unakizungusha kidogo, unajaribu. Walikirekebisha usiku kwa usiku, mlango umefungwa ili watoto wa jirani wasichungulie, kwa mwanga wa koroboi. Na ilitembea. Niliiona kwa macho yangu ikizunguka mstari uliochorwa kwa masizi, ikitikisa kichwa kushoto na kulia kama bata anayekwenda bombani. Nilikaa pale sakafuni nikahisi kwamba Kibaoni pako mbali.

Siku ya mashindano Shangazi alikuja. Hakualikwa. Alifika na lori la mpunga asubuhi, akaingia ukumbi wa misheni akiwa amevaa kitenge cha kanisani, akaja kusimama ubavuni mwangu.

"Nimekuja kumwona fundi wenu," akasema.

"Karibu, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Mfuko wake wa nguo umeshafungwa?"

Niligeukia mbele. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wamejipanga mbele na mashati yaliyopigwa pasi, mashine yao ina bodi ya bati lililopakwa rangi nyekundu. Mmoja wao, mrefu, mwenye sauti inayovunjika, aliangalia ya Skola akauliza kwa nguvu, "Jamani, nani kaacha kandambili yake hapa?" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akajibu, "Si kandambili, ni mtego wa panya." Skola alikuwa anafunga waya, hakuinua kichwa. Mimi niliinua cha kwangu, nikawatazama mpaka mmoja akageukia pembeni.

Akasimama Sista Yustina kufungua mashindano. Alikuwa ndiye mwalimu wa fizikia wa ile shule ya ufundi, mwanamke mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayeongea kama anayekata kuni. Tulitegemea aseme kama wasemavyo wageni rasmi wote: mtashinda, Mungu yu pamoja nanyi, taifa la kesho. Alisali kwa ufupi. Kisha akawageukia watoto wa shule za msingi.

"Nyie mliokuja kwa mara ya kwanza," akasema, "nisikilizeni vizuri. Mashine zenu zitagoma. Zilizotembea nyumbani hazitatembea hapa. Nyingine hazitatoka hata kwenye mstari wa kuanzia, na watu watawacheka."

Ukumbi ukaguna. Mliolelewa kama mimi mnajua kwa nini. Kwetu mtu anayesafiri haambiwi gari litapinduka. Anayejifungua haambiwi mtoto yuko hatarini. Ukilitamka jambo baya kabla halijatokea, umeliita kwa jina na kulionyesha mlango. Na mdomo wa mtu wa Mungu tuliuogopa zaidi, kwa kuwa unaombea hata mvua. Mama mmoja nyuma yangu alipiga ishara ya msalaba.

Shangazi akaniinamia sikioni. "Umesikia? Amewanuizia."

"Nimesikia."

"Mbele za watu, mchana kweupe! Hata mimi, pamoja na mdomo wangu huu, nisingemtamkia mtoto wa marehemu maneno hayo." Nikasikia chini ya hasira yake kitu kama raha.

Sista aliendelea kuzungumza kwa kitambo, akikunja vidole kimoja baada ya kingine. Nilikuwa simsikii tena. Damu ilikuwa inanipiga masikioni. Nilikuwa nahesabu tu aliyotuondolea: bweni, chakula, shule. Nilimchukia vile mtoto anavyoweza kuchukia, moja kwa moja.

Zamu ya Skola ilipofika, waliweka mashine juu ya ubao mkubwa uliolazwa sakafuni, karibu na madirisha. Kila timu iliruhusiwa kujaribu mara tatu. Watu walisogea kuona, wakainama, wakajaa pande zote mpaka sikuona ila migongo. Skola akawasha swichi. Mota zikalia kidogo, zikanyamaza. Mashine ikakaa kimya.

"Kandambili imelala!" akapaza sauti yule kijana mrefu.

Msimamizi akawafukuza watu warudi nyuma. Walipotawanyika, jua la madirishani likamwagika juu ya ubao. Palepale mashine ikaruka. Haikutikisa kichwa, haikufuata kona. Ilinyoosha moja kwa moja kama mbuzi aliyekata kamba, ikavuka mstari kana kwamba haukuwepo, ikatoka ubaoni na kugonga kiatu cha padri. Kicheko kilichopasuka humo nadhani kilisikika stesheni.

Niliona uso wa Skola, na ndipo miguu yangu ikaondoka yenyewe. Nilipita katikati ya ubao wao mweupe na miguu yangu yenye vumbi la pumba. Kwenye meza ya Sista palikuwa na jagi la maji na kikombe. Nikamimina, nikamsukumia kikombe.

"Kunywa, upulize."

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe ni nani?"

"Ni dada yake. Umemtamkia mabaya, na yametokea. Chukua maji kinywani uyapulize, useme, 'Kama ni mdomo wangu, uondoke.' Sista au si Sista."

Kwa wasiojua, hivyo ndivyo wazee wa kwetu wanavyofanya. Mtu akishukiwa kuwa maneno yake yamemfunga mwenzake, hata kama hakukusudia, anapewa maji, anayapuliza mbele za watu na kuyakana maneno. Akikataa, amekiri. Ukumbi mzima uliijua desturi ile, na ukumbi mzima ukaacha kucheka. Padri alikohoa. Msimamizi alinishika mkono, nikaunyakua.

"Nipulize wapi?" Sista akauliza.

"Juu ya mashine. Ndiyo uliyoifunga."

"Dada, hapana!" Skola alipiga yowe, akailalia mashine kwa kifua. "Maji yakiingia kwenye waya itaungua! Dada, usimruhusu!"

Watu wachache wakacheka, kwa woga zaidi kuliko kwa dhihaka. Nilisimama na aibu mpya juu ya hasira ya zamani. Sista alichukua kikombe. Akajaza mashavu kama mtoto anayecheza, akageuka pembeni, mbali na ubao, akapuliza maji sakafuni kwa nguvu hadi yakatoa ukungu kwenye mwanga wa dirisha.

"Kama ni mdomo wangu, uondoke," akasema. Akafuta kidevu kwa mkono wa kanzu. "Haya. Maneno yangu yamekwenda. Jua bado lipo dirishani. Sasa toka kwenye ubao, unauchafua."

Hakutabasamu, nami sikumshukuru. Niliinama nikamshika Skola begani, nikamnong'oneza tuondoke. Majaribio mawili yaliyobaki yalikuwa vicheko viwili vilivyobaki. Shangazi alikuwa ameshaanza kujifunga kitenge vizuri, tayari kwa safari.

"Twende nyumbani. Wasikucheke tena."

"Siendi."

"Skola, huyu mwanamke hatutakii mema."

"Dada, kwani hukumsikiliza?" Macho yake yalikuwa mekundu lakini hakuwa analia. "Amesema zikigoma tusizipige, tusibadilishe vitu vingi kwa pamoja. Tubadilishe kimoja, tujaribu, tutazame. Tuanze na betri, halafu viungo vya waya, halafu macho. Na amesema kombe ni la mashine itakayofika, lakini nafasi za shule si za kombe. Ni za watoto watakaoweza kumwambia kwa nini yao haikufika."

"Amesema hivyo?"

"Mbele yako!"

Nilimtazama Sista pale mezani. Alikuwa anasafisha miwani, kama mtu asiyehusika. Hata hivyo sikulainika. Nilifikiri: ungeanza na hayo basi, mama, ungeanza na hayo.

Wakati timu nyingine ikijaribu, Skola na wenzake waliipindua mashine. Betri, wakagusisha balbu: inawaka vizuri. Waya, wakavuta mmoja mmoja: imara. Kisha Skola akaweka kiganja juu ya jicho la kushoto. Mota ya kushoto ikasimama. Akatoa kiganja, ikazunguka. Akafanya hivyo upande wa kulia. Akabaki na kiganja hewani, akitazama kivuli cha mkono wake mwenyewe.

"Macho ni mazima," akawaambia wenzake. "Asubuhi tulikipima kinobu kwa mwanga wa ukumbi huu. Watu walipotuzingira waliyatia giza, yakadhani kote ni weusi. Walipoondoka, jua likaingia. Rangi yao nyeusi inang'aa, oneni. Jua likiipiga inarudisha mwanga kama nyeupe. Yakadhani kote ni weupe. Nyumbani hakukuwa na jua, kulikuwa na balbu yetu tu."

"Sasa tufanyeje, tuzibe dirisha?" akauliza mwenzake.

"Tuyavalishe sketi."

Nilikuwa nimejitanda kipande cha kaniki, kile ambacho sikuwa nimekivua tangu msiba wa mama. Skola hakuniomba. Alinitazama tu. Nikachana upande mmoja kwa meno nikampa. Wakakizungushia macho na balbu, kikashuka mpaka karibu kugusa ubao, ili ndani ubaki mwanga wa balbu peke yake. Jaribio la pili mashine ilitembea, ikatikisa kichwa, ikafika kona ya kwanza, ikazunguka hapohapo kama kuku aliyekatwa shingo. Kicheko. Skola alizungusha kinobu kiasi cha unywele mmoja, basi, hakugusa kingine.

Jaribio la tatu ilipita kona ya kwanza. Ikapita ya pili. Sketi yake nyeusi ikiburuzika, na kizibo cha soda kikikwaruza ubao kwa sauti ambayo bado naisikia. Hakuna aliyecheka. Yule kijana mrefu wa sekondari alikuwa amechuchumaa akiitazama kwa kijicho. Ikaingia kwenye mstari wa mwisho ulionyooka, ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama. Mkono mmoja tu kabla ya mwisho. Balbu yake ilikuwa imefifia mpaka ikawa kama kaa la moto linalokufa.

Kombe likaenda kwa mashine nyekundu ya bati, na waliokuja nayo wakabebwa juu juu.

Baadaye Sista akawaita watoto wa mara ya kwanza mezani, timu baada ya timu, na kila mtoto na mzazi wake, ili azungumze hapohapo na mzazi wa atakayepata nafasi. Skola alipofika, Sista hakumuuliza jina.

"Kwa nini imesimama?"

"Betri, Sista. Tulizitumia kujaribu nyumbani, na balbu inakula nyingi. Mwanga ulipofifia macho yakaona giza, mota zikazima. Hazikuwa na nguvu pia."

"Na mara ya kwanza?"

Skola akaeleza kivuli, jua, rangi inayong'aa na sketi. Na mara ya pili akaeleza kinobu. Alipomaliza, akaongeza, "Kama betri ingekuwa mpya sijui kama ingefika. Sijajaribu."

Sista aliitikia kwa kichwa mara moja. "Mzazi wa huyu nani?"

Shangazi alikuwa ameshasogea. "Mimi ndiye mkubwa wao, Sista, tumsifu Yesu Kristo. Dada wa baba yao. Tunashukuru sana, ila mtoto huyu tumeshampangia kazi nyumbani. Kibaoni."

"Si kweli," nikasema.

"Nyamaza, watu wazima wanaongea."

"Sinyamazi."

Sista alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kwa macho yaleyale makavu ambayo sikuwahi kuyapenda, si siku ile wala baadaye, alipokuwa akija nyumbani likizo kuniambia alama za Skola bila hata kukubali chai. Akamgeukia Skola.

"Leo asubuhi nani amekuamsha?"

"Dada."

"Uji nani amepika?"

"Dada."

"Ukiumwa, shule inamwita nani?"

Skola alinionyesha kwa kidole. Nilisimama pale na kaniki iliyochanika, pumba nyweleni, magoti yangu yakiwa yametoka nje ya gauni lililokuwa fupi kwangu. Nilisubiri aseme huyu naye ni mtoto. Nilikuwa nimeshaandaa tusi.

Sista Yustina akamtazama msimamizi.

"Shangazi ametusalimia, tumemsikia," akasema. "Mleteeni mzazi kiti."

Kiti kikaletwa, kikawekwa nyuma yangu. Nikakaa.